Kijumlishi cha BCD: 5+7 inatoa 12, lakini 8+8 inatoa 06. Kosa liko wapi?

mwanafunzi_EE2

Wakuu habari zenu. Nina kijumlishi cha BCD cha tarakimu moja kwenye bredibodi. Vifaa: 74LS283 mbili (naziita U1 na U2), 74LS08 moja, 74LS32 moja, 74LS47 na displei ya tarakimu ya mamoja, na LED moja kwa ajili ya makumi. U1 inajumlisha kibinari, geti zinaangalia kama jibu limepita 9, halafu U2 inaongeza 6.

Sehemu kubwa inafanya kazi, ila kuna majibu kadhaa yanakuja hivi:

```
4+3 -> 07
5+7 -> 12
9+6 -> 15
7+9 -> 06
8+8 -> 06
8+9 -> 07
9+9 -> 08
```

Tarakimu ya mamoja iko sawa kila mara, LED ya makumi ndiyo inayogoma. Nimeshabadilisha LED, nimebadilisha na waya. Nianzie wapi?

Volti5

Mkuu, hilo ni kosa la kila mwaka. Umetengeneza kigunduzi kwa Σ4·Σ3 + Σ4·Σ2 na ukaacha C4 ya U1. Jumla ikifika 16, zile biti nne zinarudi 0000, kwa hiyo geti zako zinaona sifuri na kusema hakuna haja ya kurekebisha. Ingiza C4 kwenye OR ya mwisho, umemaliza.

Au kama hupendi kuhangaika na geti, chukua 74LS85, linganisha jumla na 1001, pini ya A>B ndiyo inakuwa amri ya kuongeza 6. Ni chipu moja tu na waya unaeleweka.

Fundi_wa_Lojiki

Volti5, formula yako ni sahihi lakini siyo ugonjwa wa huyu bwana. Angalia namba alizotoa. Kama C4 ingekuwa haijaingizwa, 8+8 ingeonyesha 00. U1 inatoa 0000, kigunduzi kinanyamaza, U2 inaongeza sifuri, displei inabaki 0. Vivyo hivyo 8+9 ingekuwa 01 na 9+9 ingekuwa 02. Yeye anapata 6, 7 na 8. Maana yake sita imeongezwa, na kigunduzi kimeiona C4 vizuri kabisa.

Kilichobaki ni mahali LED inakochukua taarifa yake. Dau langu: mwanafunzi_EE2, LED yako iko pini ya 9 ya U2.

Kwa nini kosa hilo linajificha: chukua 5+7. U1 inatoa 1100, kigunduzi kinawaka, U2 inafanya 1100 + 0110 na kupata 10010. Mamoja yanabaki 0010, na ile biti ya tano inatoka kwenye C4 ya U2. LED inawaka. Ndivyo inavyokuwa kwa jumla zote za 10 hadi 15, kwa sababu ukiongeza 6 unafika 16 au zaidi, na U2 lazima ifurike.

Sasa chukua 8+8. Kufurika kumeshatokea U1. C4 yake ni 1, na kilichobaki ni 0000. U2 inapokea 0000 + 0110, inapata 0110, haifuriki popote. Makumi yalishatoka kwenye chipu ya kwanza na wewe unayasubiri kwenye chipu ya pili. Kati ya mijumlisho 100 ya tarakimu mbili, sita tu ndiyo inafika 16 au zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kujaribu mingi na kuona kila kitu kiko sawa.

Kari ya makumi ni ile ile amri ya kurekebisha, yaani toleo la OR ya mwisho:

```
C = C4 + Σ4·Σ3 + Σ4·Σ2
```

Waya huo unakwenda B2 na B3 za U2 (pini 2 na 15), unakwenda kwenye LED, na baadaye C0 ya tarakimu inayofuata. B1, B4 na C0 za U2 zinakwenda graundi. Pini 9 ya U2 iache wazi, haina kazi.

Kuhusu 7485: ni kweli inatambua 10 hadi 15, lakini nayo inasoma biti nne tu. Jumla ya 17 kwake ni 0001, na 1 siyo kubwa kuliko 9. Kwa hiyo bado unahitaji OR ya kuunganisha C4. Umenunua chipu ya pini 16 kuokoa geti mbili au tatu.

Volti5

Ya OR nakubali. Lakini 7485 ina faida: ukitaka kubadilisha kikomo unabadilisha upande wa B tu. Kwa kufundishia naona inasomeka vizuri zaidi.

nyaya_tupu

Samahani wakuu, mbona mimi nilifundishwa unaongeza 3 na siyo 6? Biti nne zikiwa 5 au zaidi unaongeza 3. Mnachanganya watu hapa.

Fundi_wa_Lojiki

nyaya_tupu, hiyo ni kazi nyingine. Unayosema ni ya kubadili namba ya kibinari kuwa BCD kwa kusukuma biti kushoto, moja baada ya nyingine. Pale unarekebisha kabla ya kusukuma. Kusukuma kunazidisha kwa mbili, kwa hiyo 5 ingekuwa 10 na ingevuka kikomo. Ukiongeza 3 mapema, baada ya kusukuma inageuka 6. Sita ni ile ile, imeingizwa hatua moja kabla. Kwenye uzi huu tunajumlisha tarakimu ambazo tayari ni BCD, jumla imeshapatikana, kwa hiyo 6 inaingia baadaye.

Na hiyo 6 inatokana na ukweli kwamba biti nne zina nafasi 16 na desimali inatumia 10. Ukivuka 9 lazima uruke zile sita zisizotumika ndipo biti nne zirudi mahali desimali ingekuwa.

Luthuli_254

Kwa wale wa Nairobi watakaoiga hii: ukikosa 74LS283 dukani utapewa 74LS83 na kuambiwa ni kitu kimoja. Kazi ni moja, pini sivyo. 283 ina umeme pini 16 na graundi pini 8 kama chipu nyingi. 7483 ina umeme pini 5 na graundi pini 12. Ukiichomeka kwenye nafasi ya 283 bila kubadili nyaya hujumlishi chochote, na ikipata moto kwa kidole toa umeme mara moja.

mwanafunzi_EE2

Mkuu Fundi umepiga penyewe, LED ilikuwa pini 9 ya U2. Nimehamishia kwenye OR, sasa 8+8 ni 16 na 9+9 ni 18. Asante sana.

Nikaongeza tarakimu ya makumi, U3 na U4 na geti zake, displei ya pili, na LED imehamia mia. Mamoja yako sawa. Makumi yanaleta mambo mengine:

```
23+45 -> 78
20+30 -> 60
58+67 -> 135
40+50 -> ?0
```

Pale kwenye alama ya kuuliza displei inachora kitu kama herufi c ndogo iliyokaa chini. LED ya mia imezima. Nilidhani ni kari inayotoka mamoja inakwama kwenye 1, lakini nikiipima iko 0.1V mamoja yakiwa 0+0.

Fundi_wa_Lojiki

Makumi yamezidi moja kila mahali, hata pale ambapo mamoja hayakubeba kitu. Kuna mlango wa C0 unaosoma 1. Lakini C0 ziko mbili, ya U3 na ya U4, na ile 40+50 ndiyo inakwambia ni ipi.

Ingekuwa C0 ya U3, moja ingeongezwa kabla ya kigunduzi. 4+5+1 ni 10, kigunduzi kingeiona, kingerekebisha, na ungesoma 100. Hesabu ni mbaya lakini tarakimu zinasomeka. Wewe umepata alama isiyo tarakimu. U3 imetoa 1001 sahihi, kigunduzi kimesema 9 haihitaji kurekebishwa, kisha baada ya hapo moja imeingia na kuifanya 1010. 7447 ikipewa 1010 inachora hiyo c ndogo. Kwa hiyo ni C0 ya U4, pini 7. Nadhani inaelea.

Kwenye TTL mlango ulioachwa wazi unasoma 1 mara nyingi. Pima: mlango unaoelea utakuta kama 1.4V au 1.6V, wala siyo sifuri wala siyo juu kamili. Ulioungwa graundi unasoma 0V. Angalia na B1 na B4 za U4 kwa mtindo huo huo. B4 ikielea unaongeza 8 zaidi, utaiona mapema. B1 ikielea dalili yake inafanana na ya C0 kabisa.

KarakanaYaMbao

Mimi nina kesi inayofanana lakini ni ya programu. Kiti ya mafunzo ya 8085, saa ya kuhesabu kushuka. Natumia DCR A kisha DAA. Nikiianzishia 10, badala ya kushuka 09 inaruka 15. DAA si ndiyo inaongeza 6? Au chipu imekufa?

Mama_Rejista

Chipu ni nzima. DAA ya 8085 inajua kujumlisha tu. 10H ukiipunguza moja inakuwa 0FH. DAA inaangalia biti nne za chini, inaona F, imepita 9, inaongeza 6 kama ilivyoagizwa, unapata 15H. Ulitaka itoe 6, na yenyewe haina uwezo wa kujua kama umetoka kujumlisha au kutoa. Hata mzunguko wa U1 na U2 hapo juu hauwezi kujua.

Njia ni kupunguza kwa kujumlisha. Kuongeza 99 na kutupa mia ni sawa na kupunguza moja:

```
ADI 99H
DAA
```

10H + 99H ni A9H. Chini kuna 9, sawa. Juu kuna A, imepita 9, DAA inaongeza 60H, inabaki 09H na kari inatoka, unaipuuza. Ukifika 00H unapata 99H, kwa hiyo kama saa yako inatakiwa kurudi 59 hilo ulikague wewe mwenyewe.

Kaka, angalia na kitu kimoja: usiweke amri inayogusa bendera kati ya ADI na DAA. DAA inasoma kari ya katikati, AC, iliyoachwa na mjumlisho. Kwa 19H + 99H unapata B2H. Chini kuna 2 tu, haionyeshi kosa lolote, ni AC peke yake inayokumbuka kwamba 9+9 ilivuka 16. AC ni C4 ya U1 kwa jina lingine.

KarakanaYaMbao

Imeshuka hadi 00 bila kuruka. Asante mama.

Geti_Nne

Turudi kwenye chipu. Kwa anayetaka kuokoa 283 ya pili: U2 ni chipu nzima ya kuongeza namba isiyobadilika. Biti ya kwanza haiguswi kabisa, kwa sababu 6 ni 0110. Unaweza kuiondoa U2 na kuweka 74LS86 moja. Kwanza andika kigunduzi kwa namna ya kushirikiana:

```
P  = Σ3 + Σ2
C  = C4 + Σ4·P
D1 = Σ1
D2 = Σ2 xor C
D3 = Σ3 xor C xor (Σ2·C)
D4 = Σ4 xor (C·P)
```

Hesabu geti: OR mbili, AND tatu, XOR nne. Zinaenea kwenye 7432 moja, 7408 moja na 7486 moja. Jaribu na 18: U1 inatoa C4=1 na 0010. P ni 1, C ni 1. D2 inakuwa 0, D3 inakuwa 0 xor 1 xor 1, yaani 0, na D4 inakuwa 1. Unapata 1000, ndiyo 8.

Volti5

Lakini chipu zinabaki nne. Ulikuwa na 283 mbili, 08 na 32. Sasa una 283 moja, 86, 08 na 32. Umeokoa nini?

Geti_Nne

Umeokoa safari ya dukani kama 86 unayo na 283 ya pili huna. 86 inapatikana kila mahali.

Fundi_wa_Lojiki

Inafanya kazi, nimeipitisha kwa 10 hadi 19 kwenye karatasi. Shida yangu ni ya kutafuta kosa. Na U2 unaweza kupima pande mbili, iliyoingia na iliyotoka, na kila mlango una jina. Na geti tisa zilizotapakaa chipu tatu, waya mmoja ukichomoka utapata jibu la ajabu lisilo na mpangilio. Kwa bodi ya kuchoma sawa, kwa bredibodi mimi ningebaki na 283.

Luthuli_254

mwanafunzi_EE2, hiyo LED kwenye OR umeiwekea rezista ya ngapi? Inaninginia kwenye waya ule ule unaolisha B2 na B3.

mwanafunzi_EE2

Haina rezista. Inawaka kiasi tu, haichomi, nikaona haihitaji. Waya ukiwa juu napima 1.9V.

Luthuli_254

Ndiyo hapo. LS inadai 2.0V ili ihesabu kuwa ni 1 kwa uhakika. LED nyekundu inaubana waya chini ya hapo. Leo unafanya kazi, kesho ukiongeza displei au umeme ukishuka kidogo, B2 itasoma 1 na B3 itasoma 0, utaongeza 2 badala ya 6. Weka transista ya BC547, rezista ya 10k kwenye besi, na LED kwenye kolekta na 330 yake. Waya wa kari ubaki na kazi ya kari.

Volti5

Hapo unamtisha bure. Kikomo halisi cha LS kiko karibu 1.3V, 1.9V inapita bila wasiwasi. Rezista ya 330 inatosha, transista ni mapambo.

Luthuli_254

1.3V ni ya chipu ya kawaida mezani pako. 2.0V ndiyo mtengenezaji anayoiahidi. Mimi najenga kwa kilichoahidiwa.

Volti5

Na mimi najenga kwa kilichopo mezani. Tutaishia hapo.

mwanafunzi_EE2

C0 ya U4 ilikuwa inaelea kweli, 1.5V. Nimeipeleka graundi, 40+50 ni 90 sasa, na 58+67 ni 125. Transista nitaweka, nina moja.

Swali la mwisho: mwalimu anataka nithibitishe kwamba inafanya kazi. Mijumlisho 100 mara mbili kwa kari ya kuingia ni 200 kwa kila tarakimu. Lazima nipitie yote?

Fundi_wa_Lojiki

Ukiwa na muda pitia. Ukiwa huna, chagua zile ambazo kila moja inagusa njia moja peke yake.

5+7 inatoa 1100, hapo AND ya Σ4·Σ3 ndiyo inayofanya kazi na nyingine imelala. 5+5 inatoa 1010, hapo ni Σ4·Σ2 peke yake. 8+8 ni C4 peke yake. Hizo tatu lazima zirekebishwe. Kisha upande wa pili, ambazo hazitakiwi kuguswa: 4+4 inatoa 1000, Σ4 ikiwa pekee. 4+3 inatoa 0111, zote zimewaka isipokuwa Σ4. Na 4+5, ambayo ni 9 pembeni kabisa mwa kikomo. Rudia hiyo 4+5 na kari ya kuingia ikiwa 1, lazima igeuke 10. Malizia na 9+9 na kari, 19, ndiyo kubwa kuliko zote.

Angalizo: hiyo 9+6 uliyoijaribu mwanzo haithibitishi kitu. Inatoa 1111, AND zote mbili zinawaka, moja ikiwa imekufa nyingine inaificha. Na usijaribu kwa swichi zilizowekwa juu ya 9. 15+15 itakupa 14, na hapo mzunguko hauna kosa, umeupa kitu ambacho siyo BCD.

mwanafunzi_EE2

Nimepita orodha. Mamoja zote sawa. Makumi: 50+50 imetoa ile c ndogo tena na LED ya mia imezima. 60+50 inatoa c iliyogeukia upande wa pili. 50+70 ni 120 sawa. C0 ya U4 nimepima upya, 0V.

Fundi_wa_Lojiki

1010 na 1011 zinapita bila kurekebishwa, 1100 inarekebishwa. Ni AND ya Σ4·Σ2 ya makumi. Anza pini 1 ya U3, fuata waya hadi 7408, pima pande zote mbili za waya wenyewe na siyo shimo la bodi. Ikiwa Σ2 inafika na Σ4 inafika, pima toleo la hiyo AND, kisha angalia limeingia OR ipi.

mwanafunzi_EE2

Waya wa Σ2 ulikuwa umechomekwa pini 13, yaani Σ3. 50+50 ni 100. Naanza zile 200 kuanzia sasa.